Toyota IST 2005, namba D, km 158,930: inauzwa 10,800,000 pamoja na kasoro zake zote

TANGA MJINI. Ipo yadi Ngamiani, haipo njiani wala bandarini.

Toyota IST, NCP61, injini ya 1NZ-FE, sisi 1,496, petroli, otomatiki ya gia nne, inavuta mbele. Rangi ya fedha. Imetengenezwa 2005, imesajiliwa Tanzania Novemba 2019. Wamiliki wawili hapa nchini: wa kwanza Dar es Salaam, wa pili Raskazone, ambaye ndiye anayeuza kupitia kwetu. Kadi halisi ipo na ina jina lake.

Bei milioni kumi na laki nane. Maongezi yapo, ila soma kwanza hadi chini, maana kasoro tulizoziandika tumeshazipunguza kwenye bei. Ukija kuzitaja moja moja ili ushushe tena, tutakusikiliza tu kwa heshima.

KILOMITA. Mita leo inasoma 158,930. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje kinaonyesha 87,412 na tunacho, utakishika mkononi. Karatasi za sevisi zipo za 92,100 na 101,300, hii ya pili ni ya Januari 2021. Baada ya hapo kimya mpaka 131,700, Machi 2023. Kwa hiyo kuna kilomita elfu thelathini ambazo hatuna karatasi hata moja. Mmiliki wa kwanza anasema alikuwa akimwaga oili mtaani kila kilomita 5,000. Huenda ni kweli, ila sisi hatuwezi kumwapia. Tunachoweza kusema ni kwamba ukigawa kilomita kwa miaka inakuja kama elfu kumi na mbili na nusu kwa mwaka, kabla ya pengo, ndani ya pengo na baada yake hakuna mruko wa ajabu, na hakuna dalili ya mita kuchezewa. Tangu 2023 kila sevisi ina risiti, ya mwisho ikiwa 157,200.

UKAGUZI. Karatasi ya mnada wa Japani ipo, gredi 3.5. Gari tumeipokea Juni 2025 na fundi wetu ameiweka juu ya shimo na kuichomeka mashine. Hali yake ni hii.

Taa ya injini inawaka. Kodi ni P0420, maana yake masega ya ekzosti yamechoka. Sensa ya nyuma ilibadilishwa, taa ikarudi, kwa hiyo tatizo si sensa. Gari haikosi nguvu wala haizimi. Tungeweza kuifuta kwa mashine ukaja ukakuta dashibodi safi, halafu ikuwakie ukiwa Segera. Tumeiacha iwake. Na kwa faida yako hata ukinunua kwingine: mwambie fundi aangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta ya gari yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika na muuzaji anasema gari haina kosa lolote, mara nyingi kuna mtu amefuta kodi muda si mrefu, au betri ilitolewa.

Iligongwa nyuma kushoto mwaka 2024 barabara ya Muheza. Bampa na mlango wa buti vimebadilishwa, sakafu ya buti imenyooshwa. Inua zulia, toa tairi la spea, utaona pale bati lilipokunjamana na rangi iliyopulizwa. Milango inafunga sawa, buti haliingizi maji, tumelimwagia ndoo kuhakikisha. Ila rangi ya bampa haifanani kabisa na ubavu, na kwenye jua la saa sita utaiona bila kuambiwa.

Kutu. Gari limelala Raskazone miaka miwili, na wenyeji mnajua upepo wa chumvi ule unavyokula chuma. Chini ya milango miwili ya nyuma kuna kutu iliyoanza kuinua rangi, na mabano ya ekzosti yameliwa, moja limefungwa waya. Kwenye chesesi ni kutu ya juu juu, haijatoboa. Hapa ndipo tungependa fundi wako akae muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu kutu ndiyo itakayoamua gari hili litaishi miaka mingapi.

Giaboksi inastuka kidogo kutoka ya pili kwenda ya tatu ikiwa baridi. Ikipata moto inaacha. Oili yake ilibadilishwa 151,000, mstuko ukapungua, haukuisha.

Injini inakula oili, kama nusu lita kati ya sevisi na sevisi. Haitoi moshi. Ni ya cheni, si ya mkanda, na cheni haipigi kelele asubuhi.

Mengine madogo: shokapu ya nyuma kulia inavuja, kiyoyozi kinapoza vizuri gari likitembea, ukisimama foleni mchana kinalegea kwa sababu feni ya mbele ni dhaifu, kioo cha dereva kinapanda taratibu. Matairi ya mbele mapya. Ya nyuma yameandikwa 3119, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2019. Kashata bado ipo lakini mpira umezeeka, yahesabu kama ya kubadilisha.

Deni la makosa barabarani hakuna kwa siku tunayoandika. Usituamini sisi, ingiza namba ya gari mwenyewe tms.tpf.go.tz siku ya kulipa. Bima ndogo ni ya hadi Septemba 2025.

Gari hili linamfaa mtu wa mizunguko ya mjini, Kange, Chumbageni, Sahare, na safari ya Dar mara mojamoja. Wagosi wa Lushoto mnaopandisha kutoka Mombo kila wiki na mzigo nyuma, tafuteni jingine, tutawasaidia kulitafuta.

KUJA KUONA. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ijumaa tunafunga saa 6 hadi saa 8 kwa ajili ya swala. Kuona ni bure. Toa taarifa jana yake ili injini uikute baridi. Ukifika ukaikuta ya moto, una haki ya kuuliza kwa nini.

Njoo na fundi wako. Shimo la gereji jirani ni shilingi 20,000, unalipa wewe. Kujaribu barabarani ni hadi Pongwe na kurudi, mtu wetu akiwa ndani, na anayeendesha awe na leseni hai. Watoto wa kuja kujifunzia, samahani.

Ukiridhika, laki tatu inakushikia gari siku tatu, kwa risiti. Fundi wako akikuta kasoro kubwa ambayo haimo humu, unarudishiwa yote. Ukibadili mawazo tu, tunabaki na elfu hamsini. Malipo makubwa ni benki, siku mmiliki anaposaini mkataba wa mauzo, na gharama za kuhamisha umiliki TRA ni za mnunuzi. Usitume hela kwa simu kabla hujaliona gari, hata mtu akikwambia ametumwa na sisi.

Hatubadilishani na pikipiki. Mkopo hatutoi. Madalali karibuni, fungu lenu linatoka kwa muuzaji, msimwongezee mteja.

Picha ya tisa ni sakafu ya buti, ya kumi ni kutu ya mlango. Namba ya simu ipo juu ya ukurasa wetu. Wa mikoani tupigie simu ya video, tutalizunguka gari tukiwa nawe, kuanzia chini.