YAH: OFA YA AJIRA, NAFASI YA MHASIBU MSAIDIZI

4 Februari 2026

Ndugu,

Kufuatia usaili wako, tunafurahi kukupa nafasi hii. Majibu yako kuhusu usuluhishi wa hesabu za benki yalituridhisha sana.

Utaanza kazi Jumatatu, 2 Machi 2026, chini ya Mhasibu Mkuu. Mshahara ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria, nao hautapungua wakati wa majaribio. Majaribio ni miezi 3. Katika kipindi hicho kila upande unaweza kusitisha ajira kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Utathibitishwa kazini kwa barua.

Ukikubali, saini nakala zote mbili na urudishe moja kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa, 13 Februari 2026. Baada ya hapo ofa itakoma.

Karibu sana.

Meneja Rasilimali Watu