Mtambo wa Umeme wa Jua Uwe Wetu Sote

Ndugu wananchi, wazee wangu, mama zangu, vijana, kijiji hoyee!

Paneli ya paa moja inawasha taa na kuchaji simu. Haisagi mahindi, haigandishi barafu ya samaki. Mtambo wa pamoja wenye betri utayaweza hayo, na mama zetu hawatajifungulia zahanati kwa tochi ya simu. Hilo linaniuma sana.

Mchango ni shilingi 60,000 kwa kaya, awamu tatu. Asiye na fedha achimbe mashimo ya nguzo, itahesabiwa. Fedha zitakaa benki kwa sahihi tatu, na mapato na matumizi yatabandikwa ofisini kila mwezi.

Mhazini yuko pale mwembeni na stakabadhi. Natangulia kulipa, Kitongoji cha Ziwani, nifuateni.