TANGAZO LA KAMATI YA SOKO: WAYA, TAA NA MITUNGI YA ZIMAMOTO

Ndugu wafanyabiashara wa soko letu hapa Kigoma,

Usiku wa kuamkia Jumanne mlinzi alisikia harufu ya plastiki inayoungua upande wa vitenge. Akazima swichi kuu, akaita watu. Tulipofungua kibanda tukakuta ekstensheni imeviringishwa kama kamba ya ndoo na kusukumwa chini ya marobota, huku betri mbili za taa za dagaa na simu sita zikichajiwa humo. Waya ulikuwa umelainika, unanata mkononi. Kitenge cha chini kilishababuka. Mwenye kibanda alikuwa kwake amelala, na hatumtaji, maana tukianza kutajana hatutamaliza leo.

Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Ukiutumia, ukunjue wote, usiufunike, wala usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Pasi au birika la umeme vichomekwe ukutani moja kwa moja. Na waliotoa fyuzi wakaweka msumari au karatasi ya sigara, mmeondoa kitu pekee ambacho kingekata umeme kabla waya haujawaka. Rudisheni fyuzi. Fundi wa kamati atapita Alhamisi na Ijumaa. Waya wenye viungo vya nailoni ataukata, msigombane naye. Betri za taa za ziwani zichajiwe mchana, mwenyewe ukiwepo.

Koroboi na mishumaa marufuku ndani ya vibanda. Umeme ukikatika, tumieni taa za kuchaji au za sola. Mama zetu wa chakula wenye kandili: mafuta yaongezwe taa ikiwa imezimwa na imepoa, na asitokee wa kuchanganya petroli.

Mitungi sasa. Kila safu ya vibanda kumi iwe na mmoja wa poda wa kilo 6, utundikwe mahali wazi. Juzi tuliukuta mmoja nyuma ya magunia ya mchele, mwingine unazuia mlango. Mshale wa geji uwe kwenye kijani. Moto ukitokea, chomoa pini, simama hatua tatu hivi, mgongo uelekee njia ya kutokea, lenga chini ya moto na si ndimi zake, bana mkono wa mtungi, pepea kushoto na kulia. Poda huisha kwa sekunde chache tu, kwa hiyo usianzie mbali.

Wauza mawese, na wakaanga mihogo: mafuta yakiwaka usimwage maji, yataruka na moto wake. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko.

Moto ukishika paa, acha mali, toka, piga 114. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 usiku, wenye maduka wakiwa makwao.

Mazoezi ya mtungi ni Jumamosi saa 2 asubuhi, mbele ya banda la mawese. Kila kibanda kilete mtu mmoja, na awe yule anayefunga jioni.

Kamati ya Soko