Hotuba ya Afisa wa Afya ya Umma kwa Wakaazi wa Malindi kuhusu Mionzi ya Asili

Mheshimiwa Chifu, wazee wa mitaa, masheikh na wachungaji wetu, kina mama, vijana, na ndugu zangu nyote mliofika kutoka Shela, Barani, Maweni, Muyeye na hata Mambrui, nawasalimu kwa heshima na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu alasiri hii.

Nimeomba nafasi katika baraza hili kwa sababu ya mambo mawili yaliyonifikia mwezi huu. La kwanza ni ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu zetu, unaosema kwamba ndizi na samaki wana mionzi na kwamba mama mja mzito asivile. La pili ni watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuza vibandiko vya kubandika ukutani, shilingi 1,500 kimoja, kwa madai kwamba vinanyonya mionzi iliyomo chumbani. Wiki iliyopita mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka miwili, na nilipomuuliza mtoto anakula nini, aliniambia amemwachisha ndizi na samaki kwa wiki tatu nzima, akiogopa. Nilisikitika sana, kwa maana mama yule alifanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi yale yakamnyima mtoto chakula chake bora.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba mionzi ya asili ipo kweli, na ilikuwapo kabla ya mwanadamu. Ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, wataalamu walifukua kaburi la mtoto mdogo waliyempa jina la Mtoto, wakatangaza mwaka 2021 kwamba alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Umri huo waliupata kwa kupima chembe za mchanga zilizomzunguka, ambazo kwa muda wote huo zilikuwa zikiweka akiba ya nguvu ya mionzi itokayo ardhini na angani. Mionzi tunayoiongelea leo ilimpitia mtoto yule, ikawapitia waliomzika, na inatupitia sisi tuliokaa chini ya mwembe huu.

Kipimo kinachotumika kueleza athari ya mionzi mwilini huitwa milisiveti. Mtu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye vyanzo vya asili peke yake, na karibu nusu ya kiasi hicho hutoka katika gesi iitwayo radoni, ambayo nitaieleza kwa kirefu. Kinachobaki kinatoka ardhini, kwenye vyakula na angani. Najua pia kwamba wengi wenu mkilisikia neno mionzi mnakumbuka mjadala wa kinu cha nyuklia kule Uyombo. Mjadala ule una mahali pake; leo nazungumzia yale ambayo hayakuletwa na mtu yeyote.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichozua hofu. Ndizi ina madini ya potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote ulimwenguni, iwe ya dukani, shambani au mwilini, ni nururifu, yaani hutoa mionzi, kwa maumbile yake. Potasiamu hiyo imo kwenye ndizi, viazi, maharagwe, madafu na mchicha. Imo pia ndani yenu: katika mwili wa mtu mzima, kila sekunde, kiasi cha atomi 4,000 za potasiamu hupasuka na kutoa mionzi, na hata aliyekataa ndizi maisha yake yote yuko hivyo hivyo. Tukihesabu ndizi moja moja, ingehitajika ndizi kama 10,000 kufikia milisiveti moja, na hesabu hiyo yenyewe inazidisha, kwa sababu mwili haurundiki potasiamu. Figo hutoa ile iliyozidi kwenye mkojo na kubakiza kiasi kile kile kinachohitajika ili misuli ikaze na moyo upige. Kumnyima mtoto potasiamu ni kumdhuru kwa yakini kwa ajili ya kumkinga na jambo ambalo halimpunguzii chochote.

Kuhusu samaki, ni kweli kwamba viumbe wa baharini, hasa kamba, chaza na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na matumbo yao, wana chembe za poloniamu, madini nururifu ambayo hupatikana baharini kwa asili. Hata hivyo, vyakula na maji ya kunywa vyote kwa pamoja humpa mtu wastani wa milisiveti 0.3 tu kwa mwaka. Mabibi zetu walilea watoto kwa changu na tafi wa bahari hii hii. Mama mja mzito anahitaji samaki kwa ajili ya damu yake na ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ninamsihi ale.

Mionzi ya angani nitaipitia kwa ufupi. Mwaka 1912 mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, akakuta kwamba kadiri alivyopaa ndivyo mionzi ilivyoongezeka, na hapo ikajulikana kwamba mingine inatoka nje ya dunia. Nyosheni kiganja kama mnaopokea maji. Kila sekunde, chembe moja au mbili zilizozaliwa na miale hiyo juu kabisa angani zinapenya kiganja hicho na kuingia ardhini, wala hamhisi chochote. Sisi wa Malindi tunapokea kidogo kuliko wengi, kwa kuwa tuko usawa wa bahari, ambapo hewa yote iliyo juu yetu ni kama blanketi nene, na tena tuko karibu na ikweta, ambapo usumaku wa dunia huikinga zaidi miale hiyo. Ndugu zetu wa Nairobi wanapokea zaidi yetu. Anayepanda ndege kwenda huko hupata nyongeza ndogo mno, ambayo haistahili kumzuia mtu kusafiri.

Mionzi ya ardhini hutegemea mwamba na udongo wa mahali. Kule Kwale, Kilima cha Mrima kina madini nururifu ya thoriamu kwa wingi, na ndiyo maana mionzi yake ni mikali kuliko ya sehemu za kawaida. Mawe ya matumbawe tunayojengea hapa kwa kawaida yana urani na thoriamu kidogo kuliko mawe ya granite, kwa hiyo anayewatia hofu na kuta za nyumba zenu anawapotosha.

Sasa nifike kwenye radoni, na hapa naomba utulivu, kwa sababu hili ndilo jambo moja katika yote niliyoyataja ambalo mtu anaweza kulifanyia kitu nyumbani kwake. Urani iliyomo ardhini huchakaa polepole na kugeuka kuwa madini mengine, na katika mabadiliko hayo huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hupanda kupitia mchanga, na ikitokea uwanjani hupeperushwa na upepo ikaisha nguvu. Ikitokea chini ya nyumba, huingia kupitia ufa wa sakafu, pembeni mwa bomba la choo, au pale ambapo fundi hakuunga vizuri sakafu na ukuta. Chumba kikiwa kimefungwa, inajikusanya.

Radoni yenyewe tukiivuta huwa tunaitoa tena. Madhara yanatokana na watoto wake, kwani ikipasuka hugeuka kuwa chembe za poloniamu zinazonata kwenye vumbi, na vumbi hilo tukilivuta hubaki mapafuni. Mionzi ya chembe hizo haipenyi mbali, kiasi kwamba karatasi moja huizuia, na ngozi ya mkono huizuia pia, lakini ndani ya pafu hakuna ngozi ya namna hiyo. Kuna utando laini, na unapigwa moja kwa moja. Tangu mwaka 1988 radoni imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba inachangia kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi.

Wanaoumia zaidi ni wavutaji wa sigara. Shirika hilo hilo linasema hatari ya radoni kwa mvutaji ni mara 25 ya ile ya asiyevuta. Moshi wa tumbaku nao hubeba poloniamu, na ukijaa chumbani huipa ile ya radoni mahali pa kunata. Nimemuuguza marehemu mjomba wangu, aliyekuwa akivuta sigara usiku ndani ya chumba chenye dirisha moja, akilifunga kwa ajili ya mbu, na wajukuu wawili wamelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Siwezi kusema ni nini hasa kilichomuua, ila chumba kile nakikumbuka kila ninapofundisha somo hili.

Basi tufanye nini? Wazee wetu walijenga nyumba zipitishe upepo, na kusi au kaskazi ilipovuma iliingia mlango huu ikatokea ule. Siku hizi tunaziba vyumba kwa sababu ya kiyoyozi, au tunapanga chumba cha chini kisicho na dirisha. Nawaomba wenye nyumba za kupangisha watie matundu ya hewa pande mbili za ukuta. Nyufa za sakafu zizibwe kwa saruji, na pembe za mabomba pia. Anayetumia kiyoyozi afungue madirisha asubuhi na jioni. Kwa mbu tumieni chandarua, msifunge dirisha. Anayechota maji kisimani asiwe na wasiwasi mkubwa, kwani yakimiminwa kwenye ndoo na kuchemshwa, radoni iliyomo hutoka kwa wingi. Ayachemshie mahali penye hewa.

Radoni hupimwa kwa kifaa kidogo cha plastiki, kisichohitaji umeme, kinachoachwa chumbani kwa muda wa miezi mitatu hivi na kisha kusomwa maabara. Kibandiko hakipimi, wala hakinyonyi mionzi, kwa kuwa hakuna karatasi iwezayo kuvuta gesi inayopanda mfululizo kutoka ardhini. Akija muuzaji, mwombeni cheti cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, kisha mnipigie simu au mumweleze Chifu. Waliokwisha kununua wahifadhi risiti na vibandiko hivyo waniletee ofisini Jumatatu, nami nitaandika malalamiko yao.

Yule mama wa kliniki yuko hapa nasi, na ameniruhusu niseme kwamba mtoto alikula ndizi jana. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa kina mama waanze.