Hotuba ya Mwalimu Mkuu ya Kufungua Shindano la Tahajia

Mheshimiwa Afisa Elimu Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu za asubuhi kuja kukaa nasi, na ninyi wanafunzi wangu wapendwa, nawasalimu nyote na kuwakaribisha katika shindano letu la tahajia. Najua washiriki wamekwisha kukaa kwenye madawati ya mbele na mioyo inawadunda, kwa hiyo sitawachelewesha. Ninalo jambo moja tu la kusema kabla mwalimu hajasoma neno la kwanza.

Wako watu wazima wanaoniuliza kwa nini tunahangaika kufanya shindano la namna hii kwa Kiswahili. Wanasema Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwamba kila herufi husomwa na hakuna herufi inayokaa kimya, basi mtoto akishajua silabi zake amemaliza. Sehemu ya kwanza ya maneno yao ni kweli, na ni neema kubwa kwetu sisi tunaofundisha madarasa ya chini. Lakini hitimisho lao silikubali, kwa sababu lugha ambayo kila herufi hufanya kazi ni lugha ambayo kila herufi ikikosewa huharibu kazi. Tena mara nyingi haileti neno bovu ambalo msomaji angelitambua na kulisahihisha kichwani. Inaleta neno jingine zima, lenye maana yake kamili, na msomaji anapotea bila kujua kwamba amepotea.

Nitawapa mfano ambao ninao mkononi. Hili ni daftari la mwanafunzi wa Darasa la Tano wa shule hii, ambaye ameniruhusu nilisome mbele yenu bila kumtaja jina. Ni insha nzuri, yenye mwandiko safi, kuhusu siku ambayo kikundi chao kilikwenda hospitali kuwapelekea wagonjwa matunda na sabuni. Ameandika hivi: "Tulifika saa nne ili kuwadhuru wagonjwa." Alikusudia kuwazuru, yaani kuwatembelea. Kudhuru ni kuumiza. Mtoto huyu mwenye huruma, kwa herufi mbili alizoziweka mahali pa moja, amejiandikia kwamba alikwenda wodini kuwafanyia wagonjwa ubaya. Mimi namjua, kwa hiyo nilielewa. Je, msomaji asiyemjua angeelewa nini?

Mifano ya aina hiyo ipo mingi kuliko tunavyodhani. Anayeomba radhi anaomba msamaha, na anayeomba radi anaomba kupigwa na kile kinachotua kwenye miti wakati wa masika. Dhana ni wazo, zana ni kifaa. Thamani, samani na zamani ni maneno matatu yasiyo na undugu wowote. Mwezi uliopita nililetewa kadi ya mwaliko wa harusi iliyochapwa kwa wino wa dhahabu, kadi ya gharama, na chini yake pameandikwa "Mahari: viwanja vya kanisa." Sina shaka kwamba familia ile ilitaka kutuelekeza mahali pa sherehe. Lakini kila aliyepokea kadi ile aliona pameandikwa kwamba binti yao ametolewa mahari ya viwanja vya kanisa.

Hapa niseme wazi kuhusu sisi wa Magu na maeneo haya yote ya Usukumani. Mimi nimelelewa na bibi aliyenisemesha Kisukuma tangu nilipofungua macho, na Kisukuma hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Nilipoingia Darasa la Kwanza nilikuwa naandika "kalamu" leo na "karamu" kesho, na masikio yangu hayakunisaidia, kwa kuwa kwangu zilikuwa sauti moja. Hilo si kosa la mtoto, wala lugha ya bibi si ya kuonewa haya. Naipenda na ninaizungumza mpaka leo. Lakini lilinifundisha kwamba sikio peke yake halitoshi. Ilinibidi nijifunze kwa jicho na kwa mkono: kulitazama neno kwenye kitabu, kulifunika, kuliandika, kisha kulifunua na kulilinganisha. Vivyo hivyo kwa dh, th na gh, sauti ambazo wengi wetu hatukuzinyonya nyumbani. Na vivyo hivyo kwa ritifaa, ile alama ndogo katika ng'ombe na ng'oa, ambayo mkiiacha msomaji atasoma ng ile ya ngoma.

Wanafunzi wa madarasa ya juu, nanyi mniruhusu niwaguse kidogo. Naziona jumbe mnazoandikiana kwenye simu za kaka na dada zenu, "xaxa" kwa sasa na "cjui" kwa sijui. Herufi x haimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili, na c haisimami bila h. Sitawafuata mpaka kwenye simu. Ninachokataa ni mkono uliozoea kufupisha kuingia nao kwenye karatasi ya mtihani.

Wazazi, jambo hili haliishii darasani. Katika shule niliyofundisha kabla ya kuhamia hapa, tulikuwa na kijana aliyefaulu vizuri, na siku ya kufuatilia nafasi yake ya masomo ikaonekana kwamba jina la baba yake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi h mwanzoni, na kwenye orodha ya usajili wa mtihani halina. Herufi moja. Mama yake alipanda basi mara tatu kwenda mjini, akalipia hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na fedha hizo zilitoka katika mbegu za msimu uliofuata. Sisi walimu tulioipitia orodha ile kabla ya kuituma hatukuiona herufi iliyokosekana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo, majina ya watoto nayasoma mwenyewe, moja baada ya jingine, cheti kikiwa pembeni, na ninawaomba kila mwaka mje mhakiki kabla sijatia saini.

Tahajia tunayoishindania leo haikuanguka kutoka mbinguni. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, kisha kwa herufi za Kilatini kila mtu akiandika alivyosikia, hadi ilipoundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 ili Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ziwe na maandishi ya namna moja. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, linaendelea kuisimamia lugha yetu hadi leo. Ndiyo maana mtoto wa Magu anaweza kuandika barua ikasomwa Lamu bila mkalimani.

Sasa utaratibu. Kila neno litasomwa mara mbili, kisha litatumiwa ndani ya sentensi, kwa sababu bila sentensi huwezi kujua kama unatakiwa uandike fahari au fahali. Mshiriki ataliandika ubaoni kwa herufi kubwa za kuonekana na wote, na anaruhusiwa kufuta mara moja. Hadhira mkae kimya, hata mkiona mwanenu ameanza vibaya. Atakayekosea ataonyeshwa neno hilo kwenye kamusi ile pale mezani, atalinakili kwenye daftari lake, ndipo akae.

Natamka kwamba shindano la tahajia la shule yetu limefunguliwa rasmi. Mwalimu wa taaluma, karibu na orodha yako. Na mshiriki wa kwanza wa Darasa la Nne, njoo uchukue chaki.