Muhtasari wa sura ya 2: uhalisia na uliberali, kwa ajili ya pepa ya Jumatatu

Wenzangu wa grupu, nimeisoma sura yote ya nadharia hizi mbili za uhusiano wa kimataifa mara mbili. Huu ndio mfupa wake. Nyama mtaongeza wenyewe mkiwa kwenye pepa.

UHALISIA: hoja

Dola ndiyo mhusika mkuu. Juu yake hakuna serikali ya dunia wala polisi wa kukimbiliwa, kwa hiyo kila dola inajilinda yenyewe na kupima maslahi yake kwa nguvu. Jirani akiongeza silaha kwa kujihami, wewe unaona anajiandaa kukupiga, nawe unaongeza. Huo ndio mtanziko wa usalama.

Hapa tuwe makini. Kwenye testi ya kwanza niliandika "wanauhalisia wanasema binadamu ni mbinafsi", nikarudishiwa karatasi ina neno moja la wino mwekundu pembeni: "Wepi?" Ni kweli kwa Morgenthau (1948), anayeona chanzo cha ugomvi ni tamaa ya binadamu ya kutawala. Si kweli kwa Waltz (1979). Kwake tabia ya kiongozi si hoja. Mfumo usio na mkubwa ndio unaozibana dola zote. Mpe urais mtu mpole kuliko wote, jirani akinunua vifaru naye atanunua. Halafu Mearsheimer (2001) anamzidi Waltz: dola kubwa haitosheki na usalama wa kadiri, inatafuta kuwa juu ya wenzake. Ukitenganisha hawa watatu kwenye aya ya kwanza, msahihishaji anajua umesoma.

Mifano

Thukidide alieleza vita ya Athene na Sparta (kuanzia 431 KK) kwa kukua kwa nguvu ya Athene na hofu iliyowaingia Sparta. Wengi wataandika huo. Sisi tuna Kagera. Majeshi ya Amin wa Uganda yaliingia Oktoba 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukahimiza usuluhishi bila kulaani uvamizi, na Tanzania ikapigana hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kujisaidia mwenyewe ndiko huko.

Ukosoaji

Muungano wa Kisovyeti ulisambaratika mwaka 1991 bila vita kubwa, na wanauhalisia hawakuliona likija. Tena nadharia hii haina nafasi ya makampuni, waasi wala imani za viongozi. Kagera yenyewe inaibana: Nyerere alikataa kuutambua utawala wa Amin tangu mapinduzi ya 1971, miaka saba kabla ya uvamizi. Msimamo ule hauelezeki kwa hesabu ya nguvu peke yake.

ULIBERALI: hoja

Msiandike kwamba waliberali wanakataa hoja ya kukosekana kwa serikali ya dunia. Wengi wao wanaikubali; wanachosema ni kwamba makali yake yanapunguzwa na mambo matatu: biashara, taasisi na demokrasia. Mizizi ni Kant (1795), kisha Wilson na hoja zake 14 za mwaka 1918. Keohane na Nye (1977) wanaeleza kutegemeana; Doyle (1983) amani kati ya demokrasia. Neno "kati" ni la lazima, maana demokrasia zinapigana sana na wasio wenzao.

Mifano

Ufaransa na Ujerumani zilipigana 1870, 1914 na 1939. Kwa Mkataba wa Paris wa 1951 ziliweka makaa ya mawe na chuma, malighafi za silaha, chini ya mamlaka moja. Kwetu ni Jumuiya ya Afrika Mashariki: mkataba wa Arusha Novemba 1999, umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010.

Ukosoaji

Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikifanya biashara kubwa mwaka 1914, na zikapigana. Kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa iko kwa nchi tano tu. Lakini ukosoaji mzito uko hapa nyumbani, na ningependa sote tuutumie. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa 1967 ikafa 1977. Mwaka mmoja baadaye wanachama wawili wa zamani wakawa vitani. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na jumuiya mpya. Kikosi cha kikanda kikapelekwa Kivu, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23; Rwanda inakanusha. Nchi mbili ndani ya soko moja, na watu wa Goma wakakimbia na magodoro kichwani. Mliberali atajibu kwamba taasisi bado ni changa. Mwanauhalisia atasema Kigali inatazama mpaka wake kwanza. Andikeni majibu yote mawili, kisha chagueni upande na muutetee. Insha isiyochagua inasomeka kama notisi.

Kesho saa kumi jioni tukutane chini ya mwembe wa maktaba. Kila mmoja aje na aya moja ya Kagera aliyoiandika mara mbili, kwa kila nadharia.