Mradi wa Fizikia, Kidato cha Tano: Kukadiria kasi ya sauti kwa mwangwi wa uwanja wa mpira

Kila kundi lina wanafunzi watano. Vipimo vya uwanjani vitafanyika Jumamosi kuanzia saa 12:30 asubuhi, kabla timu hazijaanza mazoezi. Ripoti ikabidhiwe maabara Ijumaa inayofuata, kabla ya saa 9:00 alasiri.

Ukigonga mbao mbili mbele ya ukuta mkubwa ulio mbali, mlio unakwenda hadi ukutani na kurudi. Umbali wa kwenda na kurudi ni 2d, na muda ni t, kwa hiyo v = 2d/t. Hesabu ni ya mstari mmoja. Kazi iko kwenye t. Mkisimama mita 80 kutoka ukutani, mwangwi unafika baada ya sekunde 0.46 hivi. Mkono wa binadamu ukibonyeza saa ya michezo hukosea kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kosa hilo peke yake linawapa jibu lolote kati ya 286 na 444 m/s. Kwa hiyo msipime mwangwi mmoja kwa mkono. Mradi huu unahusu namna ya kulikwepa kosa hilo.

Mahali na vifaa

Tutatumia ukuta wa bwalo unaotazama uwanja: ni bapa, umepigwa plasta, hauna miti mbele yake, na ni mkubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi la mlio wa mbao, ambao ni kama theluthi moja ya mita. Fungeni madirisha yote ya upande huo, maana sauti inayoingia ndani hairudi. Msitumie upande wa madarasa. Majengo mawili yaliyopishana yanarudisha miangwi miwili, na sikio hurukia huu mara ule.

Kila kundi lichukue vipande viwili vya ubao mkavu wa mbili kwa nne, kila kimoja sentimita 30, saa ya michezo inayosoma sehemu ya mia ya sekunde, futikamba ya mita 50, vigingi sita, kipimajoto na daftari. Makofi hayatoshi. Mlio wake ni mdogo na mwisho wake umetawanyika, ilhali mbao zikigongana bapa kwa bapa hutoa mlio mfupi wenye ncha kali. Filimbi haifai kabisa, kwa sababu mwangwi unarudi wakati mlio wenyewe bado unaendelea.

Pigeni vigingi kwenye mita 60, 70, 80, 90 na 100 kutoka ukutani, vyote kwenye mstari mmoja wa pembe mraba na ukuta. Futikamba ilazwe chini na kuvutwa. Ikining'inia hewani inajikunja na kuwaongezea umbali ambao haupo. Hatua za miguu hazikubaliki. Kosa la nusu mita kwenye 80 ni asilimia 0.6, na kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye jibu. Chini ya mita 17 sikio haliwezi kutenganisha mlio na mwangwi wake, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaribia ukuta.

Kugonga kwa mdundo

Mgongaji asimame kwenye kigingi akitazama ukuta, agonge mara kwa mara kwa mdundo sawa, kisha aubadilishe taratibu mpaka mwangwi uangukie katikati kabisa ya mapigo mawili: ko, mwangwi, ko, mwangwi, kama sekunde za saa ya ukutani. Hapo muda kati ya pigo na pigo, T, ni mara mbili ya muda wa mwangwi, kwa hiyo v = 4d/T. Mdundo ukishatulia, mtunza saa aanze kuhesabu. Pigo la kwanza ni "sifuri", siyo "moja". Saa inawashwa kwenye sifuri na kuzimwa kwenye hamsini. Anayeanza na moja na kuishia hamsini amepima nafasi 49 tu, na akigawanya kwa 50 atapata kasi iliyozidi kwa asilimia 2. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, nalo halionekani kwenye daftari, kwa sababu makadirio yote matano hukosea sawasawa.

Msikilizaji asimame bega kwa bega na mgongaji, siyo mbele wala nyuma yake, na aseme tu "wahi" au "chelewa" mwangwi unapohama. Yeye ndiye anayeamua kama jaribio lihesabiwe. Mdundo ukiyumba katikati, lifuteni na muanze upya. Fanyeni majaribio matatu yanayokubalika kwenye kila kigingi, kisha mpeane zamu ya kugonga.

Kuna njia nyingine ya kugonga: pigo lije sawia na mwangwi wa pigo lililotangulia, ambapo v = 2d/T. Ni ngumu zaidi, kwa kuwa pigo jipya linaufunika mwangwi mnaoutafuta. Mkiitumia, andikeni wazi ni njia ipi. Anayechanganya hesabu za njia hizi mbili hupata 172 au 690 m/s. Mkiona namba iliyo nusu au maradufu ya mnayoitarajia, kagueni hapo kwanza.

Hivi ndivyo jedwali la kundi lililofanya kazi vizuri linavyoonekana, hewa ikiwa na jotoridi la 22 °C:

| d (m) | 2d (m) | Muda wa nafasi 50, wastani (s) | t ya mwangwi (s) |
|---|---|---|---|
| 60 | 120 | 35.1 | 0.351 |
| 70 | 140 | 40.5 | 0.405 |
| 80 | 160 | 46.8 | 0.468 |
| 90 | 180 | 52.1 | 0.521 |
| 100 | 200 | 58.4 | 0.584 |

Safu ya mwisho ni muda wa nafasi 50 uliogawanywa kwa 100. Chora 2d kwenye mhimili wima na t kwenye mhimili mlalo. Mteremko wa mstari bora ndio kasi, na hapa ni 343 m/s. Tunataka grafu, siyo wastani wa majibu matano, kwa sababu grafu inaonyesha pia kosa la kudumu: kama vigingi vyote vilipimwa kutoka ukingo wa baraza badala ya ukuta wenyewe, mstari hautapita kwenye sifuri, lakini mteremko utabaki sahihi. Nukta zilizo hapo juu zinauacha mstari kwa milisekunde 2 au 3, na kutokana na mtawanyiko huo jibu linaandikwa 343 ± 6 m/s. Kuandika 343.4 bila kikomo cha kosa ni kudai usahihi ambao hamkuupata.

Milisekunde hizo zinatoka wapi? Siyo kwenye saa. Kosa la sekunde 0.2 likigawanywa juu ya sekunde 46 ni asilimia 0.4 tu. Linatoka sikioni: mwangwi ukikosa katikati kwa milisekunde chache, hakuna anayegundua. Ndiyo maana kuhesabu mapigo 200 badala ya 50 hakuwasaidii. Kunapunguza kosa la kidole na kuliacha la sikio palepale, huku mikono ikichoka na mdundo ukilegea. Kinachosaidia ni kuongeza umbali na kubadilisha wagongaji.

Pendulamu badala ya saa

Kundi linalopenda kazi ya mikono lijaribu njia ya Isaac Newton, aliyepima mwangwi wa kibaraza kirefu cha Trinity College, Cambridge, akiulinganisha na pendulamu. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi, mgongaji agonge kila jiwe linapofika mwisho wa kulia, na urefu wa uzi ubadilishwe mpaka mwangwi usikike jiwe likiwa mwisho wa kushoto. Kwenye mita 80 urefu utakuwa karibu sentimita 21, kutoka fundo la juu hadi kitovu cha jiwe, na kwenye mita 100 karibu 33. Kisha T = 2π√(L/g). Bembea iwe ndogo. Sentimita moja ya kosa kwenye 21 inahamisha kasi kwa zaidi ya asilimia 2, basi pimeni L kwa rula ya milimita.

Newton huyohuyo alipoikokotoa kasi kwa nadharia alipata jibu pungufu kwa kama asilimia 15, kwa sababu alichukulia kwamba hewa inayobanwa na wimbi inabaki na jotoridi lilelile. Laplace alisahihisha mwaka 1816: mgandamizo ni wa haraka mno, joto halipati muda wa kutoka, na ndipo γ inapoingia kwenye v = √(γRT/M), ambapo T ni jotoridi kwa kelvini. Kwenye ripoti, kokotoeni kasi kwa γ = 1.40, kisha mkokotoe tena bila γ, mseme vipimo vyenu vinamuunga mkono nani.

Jotoridi, upepo na mwinuko

Linganisheni jibu lenu na v = 331 + 0.6θ, θ ikiwa nyuzi za Selsiasi. Kipimajoto kiwe kivulini, kimo cha kifua, siyo juu ya nyasi zenye umande. Wengi hudhani kwamba hapa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sauti ni ya polepole kwa kuwa hewa ni nyepesi. Hapana. Mgandamizo na msongamano vinapungua kwa uwiano uleule, na uwiano wao ndio unaoamua kasi. Kinachotutofautisha na Dar es Salaam ni baridi, pamoja na unyevu kidogo ambao athari yake haifiki asilimia 1.

Upepo unaovuma kuelekea ukutani huharakisha safari ya kwenda na kuchelewesha ya kurudi. Upepo wa 5 m/s unabakiza kosa la asilimia 0.02 tu, na huo ndio uzuri wa mwangwi juu ya njia ya kumwangalia mtu anayegonga ng'ambo ya uwanja. Hata hivyo upepo una kelele na unafifisha mwangwi. Tumechagua asubuhi pia kwa sababu hewa ya chini bado ni baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kuelekea ardhini. Mchana ardhi ikipata moto inapinda kwenda juu, na mwangwi wa mita 100 unaweza kupotea kabisa.

Kwa makundi yatakayomaliza mapema

Mwalimu wa zamu atakuwa na simu yenye kinasa sauti. Iwekwe miguuni pa mgongaji, gongeni mara moja, kisha rekodi ifunguliwe kwenye Audacity katika kompyuta ya maabara na msome muda kati ya mwanzo wa mlio na mwanzo wa mwangwi. Pimeni mwanzo kwa mwanzo, siyo kilele kwa kilele. Simu nyingine hupunguza sauti zenyewe baada ya mlio mkubwa au husafisha "kelele" na kuufuta mwangwi. Mkiona mstari bapa pale mwangwi uliposikika, zimeni uchujaji huo au tumieni kinasa kingine.

Kwa njia hii kosa la muda hushuka hadi milisekunde moja au mbili, na hapo swali jipya linawezekana. Kati ya alfajiri ya Julai yenye 11 °C na alasiri yenye 24 °C, kasi inapaswa kupanda kwa kama 8 m/s. Kwa mbao na saa, yenye ± 6, msidai kwamba mmeiona tofauti hiyo. Kwa rekodi kumi za asubuhi na kumi za alasiri kwenye kigingi kilekile cha mita 80, muda wa mwangwi unapaswa kupungua kwa takriban milisekunde 11. Msing'oe kigingi hicho hadi jioni.